Kuunganisha treni na basi Tabora: hesabu ninayoifanya kabla ya kumsafirisha mama

Mama yangu anasumbuliwa na mgongo, na kliniki yake iko Mwanza. Yapo mabasi ya moja kwa moja kutoka Kigoma yanayopita Kasulu na Kibondo, na kwa mtu mwenye afya yake hakuna haja ya kuzunguka. Yeye hawezi kukaa kitako kutwa nzima. Kwa hiyo tunapanda treni hadi Tabora, daraja la pili kulala, anajinyoosha kitandani usiku kucha, halafu tunamalizia kwa basi kupitia Nzega na Shinyanga. Kipande hicho cha basi ni kama saa sita, na hizo anazimudu akipata siti ya mbele na mto wa kuegemea.

Ugumu wa safari hii wote umelala Tabora, kati ya kushuka treni na kupanda basi. Hakuna mtu anayeyaunganisha hayo mawili isipokuwa msafiri mwenyewe. Dereva wa basi hajui kama treni ya Kigoma imechelewa, na akijua hatasubiri. Tiketi zinakatwa sehemu mbili tofauti, na ya basi ikishapita saa yake hakuna anayewajibika kukurudishia nauli eti kwa sababu treni ilikwama njiani. Ndiyo maana nimejifunza kuisoma ratiba kwa kalamu mkononi, si kwa kuikodolea macho ubaoni.

Nitaeleza kwa mfano. Saa nitakazoziandika ni za mfano tu, maana ratiba hubadilishwa mara kwa mara, saa na siku zenyewe. Ya kwako ichukue stesheni wiki ileile unayosafiri. Tuseme karatasi inasema hivi:

Kigoma: kuondoka 16:30 (Jumanne)
Uvinza: kufika 19:40, kuondoka 19:55
Kaliua: kufika 00:50, kuondoka 01:20
Urambo: kufika 02:05, kuondoka 02:10
Tabora: kufika 04:10, kuondoka 05:10

Kitu cha kwanza ninachofanya ni kuigeuza kila saa ninayoihitaji iwe saa ya kwetu, na kuiandika pembeni pamoja na jina la siku. Saa 16:30 ni saa kumi na nusu jioni, Jumanne. Saa 01:20 ni saa saba na dakika ishirini usiku, lakini hiyo tayari ni Jumatano, maana tarehe ya ratiba inabadilika saa sita usiku, wakati watu tumelala. Saa 04:10 ni saa kumi na dakika kumi alfajiri, Jumatano.

Jina la siku lina uzito kuliko saa yenyewe. Binamu yangu aliyekuwa apandie Kaliua alishika tiketi yenye tarehe ya Jumatano. Akakaa nyumbani Jumanne nzima, akafungasha Jumatano mchana, akaenda stesheni jioni. Treni yake ilikuwa imepita usiku uliotangulia. Kila kilichoandikwa kwenye ile tiketi kilikuwa sahihi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba treni ya saa saba usiku ya Jumatano unaiendea stesheni Jumanne baada ya chakula cha usiku. Tangu hapo, saa yoyote iliyo kati ya 00:00 na 05:59 naiandika kwa maneno: "usiku wa kuamkia Jumatano". Na ndugu wa Tabora ninawaambia hivyo hivyo, kwa sababu ukimwambia mtu "tunafika Jumatano usiku" atakuja kukupokea siku nzima baadaye.

Tiketi ya basi nayo ina mtego wake, tena wa upande wa pili. Ratiba ya treni inatumia saa ishirini na nne, lakini wakala wa basi anaweza kukuandikia kwa mkono "12:00" akimaanisha saa kumi na mbili asubuhi. Ukiisoma kama ulivyosoma ya treni utafika stendi adhuhuri, basi linaingia Mwanza. Mimi simwachii wakala tarakimu tupu.

"Dada, hii kumi na mbili ni ya asubuhi?"

"Ya asubuhi. Kuripoti kumi na moja na nusu."

"Naomba uniandikie neno asubuhi hapo, na hiyo ya kuripoti pia."

Anaandika, wala hachukii.

Sasa hesabu yenyewe. Katika ratiba kila stesheni kubwa ina saa mbili, ya kufika na ya kuondoka. Kwa treni unayoshuka unahitaji ya kufika. Kwa chombo unachopanda unahitaji ya kuondoka, na kwa basi ni ya kuripoti hasa, kwa sababu baada ya hapo siti yako inaweza kupewa mtu mwingine. Katika mfano wetu mtu anaona treni inafika 04:10 na basi la kwanza la Mwanza linaondoka 06:00, anasema ana karibu saa mbili. Hana. Kuripoti ni 05:30. Kushuka na mizigo na mzee, kupenya ule msongamano wa mlangoni, kutafuta bajaji na kufika stendi, mimi nahesabu dakika 35, na kwa mama sipunguzi. Kwa hiyo hata treni ikifika kwa dakika yake, tutakuwa stendi 04:45. Nafasi iliyobaki kabla ya kuripoti ni dakika 45. Treni ikichelewa saa moja tu, siti inaweza kuwa imekwenda.

Na saa moja kwa treni ya reli ya zamani si jambo la kushangaza. Kutoka Kigoma hadi Tabora ni kama kilomita 400 za njia moja. Treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana mahali popote tu. Lazima moja isubiri kwenye stesheni yenye njia ya pembeni mpaka nyingine ipite. Ratiba imepanga wapi zitasubiriana. Treni ya upande wa pili ikichelewa, yako inasimama kuingoja, na hapo ucheleweshaji wa wengine unakuwa wako. Utautambua: treni imesimama kwenye stesheni ndogo ambayo kwenye karatasi ina dakika tano, nje kimya, hakuna anayepanda wala kushuka, na watu wanachungulia madirishani kutafuta taa ya kichwa cha treni upande wa mbele. Ukiona hivyo, tazama saa. Dakika utakazokaa pale zaidi ya zile tano zinaweza kuongezeka kwenye saa ya kufika Tabora.

Masika yanaongeza. Huku kwetu mvua ni tangu Novemba hadi Aprili, na bonde la Malagarasi linajaa maji. Tuta la reli likilowa, treni inaamriwa kwenda polepole kwenye sehemu zinazotiliwa shaka, na maji yakichimba chini ya mataruma haipiti kabisa mpaka mafundi wamalize. Kwa miezi hiyo siunganishi treni na basi siku moja kama kuna kitu Mwanza kisichoweza kusogezwa. Tunalala Tabora usiku mmoja, basta.

Miezi ya kiangazi ndiyo inayotaka hesabu. Wengi wanauliza, "Niache muda gani kati?" wakitaka wapewe namba moja, saa mbili au saa tatu. Mimi naanza na swali lingine: nikilikosa hili basi, nitapanda lipi, na litanifikisha saa ngapi? Jibu la hapo ndilo linalonipa muda wa kuacha.

Chukua safari ya kliniki. Miadi ya mama ni Alhamisi saa mbili asubuhi. Tukikata basi la saa kumi na mbili asubuhi Jumatano tungefika Mwanza saa sita mchana, na tungefanya nini cha maana mchana ule? Tungekaa kwa shangazi. Tukikata la saa nne asubuhi, yaani 10:00, tunafika saa kumi jioni, bado Jumatano, bado tunalala kwa shangazi kabla ya kliniki. Saa nne zile hazinigharimu kitu Mwanza, na Tabora zinanipa nafasi kubwa. Kuripoti ni 09:30. Toa dakika 35 za kutoka stesheni hadi stendi, inabaki 08:55. Treni iliyopangwa kufika 04:10 inaweza kufika saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, imechelewa saa nne na dakika arobaini na tano, na bado tukapanda basi letu bila kukimbia. Na ikizidi hapo, nauliza mapema kama kuna basi la mchana. Likiwapo la saa nane, tunaingia Mwanza saa mbili usiku. Mpango unavunjika pale tu ambapo hata hilo la mchana tumelikosa, na hiyo ni treni iliyochelewa zaidi ya saa nane na dakika arobaini na tano. Ikiwa hivyo tunalala Tabora na kupiga simu kliniki.

Ninachotaka msomaji aone ni kwamba basi la saa kumi na mbili na la saa nne, kwa mama, yalikuwa yanafika siku moja. Tofauti yao ni mahali ambapo tunasubiri. Kusubiri kwa shangazi Mwanza hakulindi chochote. Kusubiri Tabora kunailinda safari yote. Ndiyo maana nachagua basi la baadaye linalonifikisha kwa wakati, si la kwanza ninaloweza kuliwahi, na nahakikisha nyuma yake lipo jingine. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 baadhi ya njia zimepata mabasi ya jioni pia, kwa hiyo uliza yote, hata kama hukusudii kuyapanda.

Kusubiri na mzee kuna taabu zake, nisilifiche hilo. Treni ikifika kwa wakati, tuna saa tano kabla ya kuripoti, na alfajiri ya Tabora katika Juni na Julai ni baridi kweli. Kwa hiyo nafasi hiyo naipangia matumizi kabla ya kuondoka Kigoma: tunakaa kwenye ukumbi wa stesheni mpaka kupambazuke, mama anakunywa chai na dawa zake, kisha tunachukua chumba cha kupumzikia karibu na stendi. Gharama ya chumba nimeshaiweka kwenye nauli. Mtu asiyeiweka ndiye anayeshawishika kukata basi la saa kumi na mbili ili "asipoteze muda".

Njiani siachi karatasi kwenye mkoba. Naitumia kupima. Sihangaiki sana na ucheleweshaji wa Uvinza, kwa sababu bado ni mapema na mengi yatabadilika. Kipimo changu ni Kaliua, pale reli ya Mpanda inapoungana na yetu. Kwenye mfano, treni inatakiwa kufika Kaliua 00:50 na kuondoka 01:20. Hizo dakika thelathini za kusimama ni akiba. Ikifika 01:10 badala ya 00:50 wanaweza kuharakisha kushusha na kupakia, na ikaondoka 01:20 kama ilivyopangwa. Ule ucheleweshaji umeyeyuka. Lakini Urambo kuna dakika tano tu, hapana cha kufidia. Kwa hiyo ninachoandika ni saa iliyoondoka Kaliua, si iliyofika. Ikiondoka 02:50, imechelewa saa moja na nusu, na kutoka hapo hadi Tabora zimebaki kilomita mia moja na kitu za njia moja ambayo haina pa kuurudisha muda huo. Naichukulia kuwa itafika 05:40 au baadaye kidogo. Sitarajii mapema zaidi hata dereva akikaza mwendo.

Hapo ndipo namwamsha mhudumu wa behewa, kwa adabu, maana naye amechoka.

"Kaka, samahani. Kuna treni tunapishana nayo mbele?"

"Ipo ya mizigo, mama. Wakiifungia sisi tutapita moja kwa moja, la sivyo tutaingoja Urambo."

Jibu la namna hiyo lina faida kuliko "tutafika tu", na ukiuliza kuhusu kupishana, mara nyingi utajibiwa hivyo. Ukiuliza "tutafika saa ngapi" utapewa saa ya kukutuliza.

Kuhusu kukata tiketi ya basi mapema au kusubiri mpaka treni ikaribie, nimebadilika kulingana na msimu. Siku za kawaida mabasi ya Mwanza yana nafasi, na kama ningekuwa peke yangu ningekata Tabora baada ya kushuka. Kwa mama nataka siti ya mbele, kwa hiyo nakata kabla, lakini namuuliza wakala jambo moja: nikikupigia kabla ya saa ya kuripoti, unaweza kunihamishia basi linalofuata? Akikubali, naandika jina lake na saa ya mwisho ya kumpigia. Simu ile naipiga kutoka Urambo, mtandao unapokuwepo, hata kama ni usiku namtumia ujumbe ili aukute akiamka. Disemba wanafunzi wanaporudi makwao na watu wanapokwenda sikukuu, hiyo ya kuhamishiwa basi jingine usiitegemee, kwa sababu yote yamejaa.

Kurudi ni hesabu nyingine kabisa, na hapa ndipo nimeona watu wenye akili zao wakikwama Tabora siku mbili. Wanakuwa wamezoea saa tano za kwenda, wanaacha saa tano za kurudi. Lakini sasa chombo cha kwanza ni basi na cha pili ni treni. Basi likikosekana kuna jingine saa chache baadaye. Treni ya abiria ya Kigoma haipo kila siku. Ukiikosa ya leo unangoja siku inayofuata ya ratiba, nayo inaweza kuwa kesho kutwa au zaidi. Kukosa kunakogharimu siku mbili hakulindwi kwa saa tano. Kwa hiyo kutoka Mwanza tunaondoka siku moja kabla, tunalala Tabora, na kesho yake mama anafika stesheni akiwa amepumzika.

Kuna wanaosema hakuna haja, maana treni ya kwenda Kigoma inatoka Dar es Salaam, imeshakula zaidi ya kilomita 800 kabla ya kufika Tabora, na itachelewa tu. Wanaondoka Mwanza asubuhi ileile wakiuhesabu huo ucheleweshaji kama muda wao. Sikubaliani nao hata kidogo. Kuchelewa kwa treni ni muda usio wako. Siku ikija kwa saa yake, haina sababu ya kukungoja, na pale Tabora ikishamaliza kazi zake inaondoka kwa saa iliyo kwenye karatasi. Kitu unachoweza kufanya kwa halali ni kuuliza. Siku ya safari napiga simu au natuma mtu stesheni ya Tabora aulize treni imepita Manyoni au Itigi saa ngapi, nalinganisha na ratiba. Ikiwa imechelewa saa tatu, namwacha mama alale saa mbili zaidi gesti, na saa moja iliyobaki naiacha iwe akiba. Hiyo saa moja siiondoi, kwa sababu treni iliyochelewa ikifika Tabora wanaweza kufupisha kusimama kwake ili kufidia, na kama ratiba ya kurudi nayo ina dakika sitini pale, zikawa ishirini.

Ukitaka kuanza kuipanga safari kama hii, chukua karatasi, andika siku ya treni kwanza, kwa sababu ndiyo yenye siku chache. Miadi ya kliniki iombe baada ya hapo. Mara ya mwisho daktari alitupa tarehe ya Jumatatu. Nikamweleza siku za treni, akafungua daftari lake na kutusogeza hadi Alhamisi.